Mdomo wa Bibi Kizee

Dada yangu ndiye aliyeniombea kazi kwenye studio hii ya katuni. Mimi nachukua sanamu ya kichwa iliyochongwa kwenye kompyuta, yenye mamilioni ya vipande, naivika wavu mwepesi wa vipande vya pembe nne. Mistari ya wavu lazima izunguke macho na mdomo kama misuli inavyozunguka. Kisha dada anatia mifupa, na kichwa kinaongea. Kazi yangu inachosha, nisidanganye mtu.

Kwenye kichwa cha bibi kizee uvivu ulinishinda. Nikabonyeza kitufe kinachosuka wavu chenyewe, nikaenda kunywa chai. Niliporudi vipande vyote vilikuwa pembe nne, safi kwa macho, nikamkabidhi dada bila haya.

Kesho yake akaanza kuhangaika. Kila bibi akifumbua mdomo, shavu linakunjamana kama shuka. Dada alifuta uzito, yaani kiasi ambacho kila mfupa unavuta kila nukta ya wavu, akapaka upya. Bado.

Nikafungua nakala yangu kimyakimya na kuchagua mstari wa mdomoni. Ulipaswa kuzunguka midomo na kurudi ulipoanzia. Ulizunguka, ukateleza nje, ukazunguka tena, ukapita kidevu mpaka shingoni. Hakuna uzito unaotibu wavu wa hivyo. Ni kufumua na kusuka upya, na nukta zikibadilika, kila alichofanya dada juu yake kimekwenda na maji.

Nilinyamaza. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa aibu, niliogopa hata kukohoa asije akageuka. Kwa siku tatu nilimsikiliza, meza ya pili kutoka yangu, akifuta na kupaka. Siku ya tatu aliniuliza kama na mimi naona mkono wake umeharibika. Nikamwambia apumzike kidogo.

Asubuhi ya nne mkuu wa studio alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Dada akamfumbua bibi mdomo, shavu likaporomoka. Mkuu alisema kwa upole kwamba labda wahusika wakubwa apewe mtu mwingine. Dada akaitikia. Hakubisha hata neno moja, na yeye ni mtu wa kubishana na mvua.

"Si yeye," nikasema. Nikafungua nakala yangu, nikamwonyesha mkuu mstari wa mdomoni. "Wavu ni mbovu. Niliusuka kwa kitufe."

Mkuu aliuangalia mstari ukiteremka shingoni, akaniambia nisuke upya kwa mkono, kipande kwa kipande, kabla ya Ijumaa. Hakunifukuza. Akaenda zake.

Nikamgeukia dada kuomba radhi, nikaanza kueleza habari za wavu. Akanikatiza.

"Wavu utausuka. Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Hakugomba, na nilitamani agombe. Alizima skrini yake, akakaa akiitazama mikono yake.

"Jana nilimwambia mama nataka kuacha kazi," akasema.