Sanduku Namba 38 Halina Ngazi

Nilichoshindwa kukiona kilikuwa mstari mmoja tu. Kwa miaka ishirini na sita nimewafundisha wanafunzi wa chuo kusoma nyaraka za kale, na kwa kila waraka nimewataka waulize kwanza aliyeuandika alikuwa ameketi wapi. Kisha nikaletewa fomu ya jumuiya yetu wenyewe, kurasa tatu, nikasahihisha koma mbili, nikatia saini. Swali lile sikuliuliza.

Jumuiya yetu huchapa vitabu vya shule kwa maandishi ya nukta nundu, kwa ajili ya watoto wasioona. Ina vyumba viwili katika ghorofa ya pili, juu ya duka la betri za magari, na ngazi zake zipo nyuma ya jengo, mahali ambapo fundi wa duka humwagia maji machafu. Mimi ni katibu wa heshima. Mwenyekiti ni mume wa dada yangu. Nautaja undugu huo kwa sababu ndio unaoeleza ukimya wangu wa miaka mingi kuliko sababu nyingine yoyote ya kisomi ninayoweza kuibuni.

Shemeji yangu alikuwa na fahari moja maishani, nayo ilikuwa kisanduku cha chuma. Zamani, kabla hatujaunda jumuiya, alifanya kazi katika kampuni ya bima iliyokuja kufungwa, na kwa njia ambazo hakuwahi kuzisimulia vizuri, Sanduku la Posta namba 38 likabaki mkononi mwake, akaliandikisha upya kwa jina la jumuiya. Namba yenye tarakimu mbili. Katika mji ambao mashirika mapya hupewa namba za tarakimu tano, yeye aliiona 38 kama cheo. Aliitaja kwenye harusi. Aliichapisha kwenye kadi yake kwa wino wa dhahabu, kubwa kuliko jina lake, na hapo nadhani alikuwa mkweli bila kujua. Tarishi wetu, mama mmoja mwenye miguu mepesi na ulimi mwepesi zaidi, alimbandika jina la Tarakimu Mbili, na ofisi nzima ikalitumia pale alipokuwa amegeuka.

Ngazi zile, kwa upande mwingine, zilimtia haya. Wageni wa maana alikutana nao kwenye ukumbi wa hoteli. Alisema ofisi kongwe haijielezi ilipo, hujulikana.

Mwaka huo tulipaswa kusajiliwa upya, na safari hii kulikuwa na jambo la kupoteza. Shirika moja la ng'ambo lilikuwa limekubali kutupa mashine ya kuchapa nukta nundu, kurasa mia nne kwa saa, kwa sharti moja tu: tuwape nakala ya cheti hai cha usajili kabla mwezi haujaisha, ili mashine iingie katika shehena ya robo ile. Aliyeisubiri kuliko sote alikuwa mwalimu wetu. Yeye mwenyewe haoni, na kwa miaka tisa alikuwa akitoboa vitabu vya hesabu kwa mkono, nukta moja baada ya nyingine, kwa kalamu ya chuma. Watahiniwa wake wanne wangefanya mtihani wa mwisho baada ya miezi miwili, na walikuwa na kitabu kimoja.

Fomu ya Msajili ilikuwa na nafasi mbili zilizofuatana. Ya kwanza iliuliza anwani ya posta. Ya pili iliuliza mahali ofisi ilipo: mtaa, kiwanja, jengo, ghorofa. Mwenyekiti alijaza 38 katika ya kwanza, na katika ya pili akajaza 38 tena, kwa mwandiko mkubwa zaidi, kama mtu anayejibu swali la kijinga kwa uvumilivu.

Tarishi ndiye aliyetumwa kuipeleka. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, jambo ambalo sikuwa nimemwomba alifanye, kisha akarudi mezani kwangu.

"Profesa, hapa wanauliza tunakaa wapi."

Nilimwambia kwamba Mwenyekiti amekwishajaza.

"Amejaza posta. Mimi posta naenda mara mbili kwa wiki, sijawahi kumkuta mtu anaishi mle."

Nilicheka, nikamwambia, Mama, ipeleke tu. Nilikuwa nasahihisha tasnifu iliyokuwa na tanbihi mia mbili na kumi, na nilidhani hiyo ndiyo kazi ya umakini.

Barua ya Msajili ilikuja baada ya wiki mbili. Ilikuja, kama ilivyostahili, kwa Sanduku 38, na tarishi akaitoa kwa ufunguo wake siku hiyohiyo ilipoingia. Kwa haki yake, kisanduku kilifanya kazi yake barabara. Barua ilisema kwamba mkaguzi hakuiona ofisi ya jumuiya, na kwamba tufike kujieleza ndani ya siku kumi na nne, la sivyo maombi yatakataliwa. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Nilimsomea mwalimu. Alisimamisha kalamu yake juu ya karatasi, akauliza mkaguzi alipita njia gani. Nikasema sijui, huenda hakuja kabisa. Akasema ngazi zetu zina kidato cha saba kilicholegea, kila anayepanda hukipiga teke, na wiki hizo mbili hajasikia teke la mgeni. Kisha akaendelea kutoboa. Ningependelea anigombeze.

Tulikwenda watatu: Mwenyekiti katika suti yake, mimi, na tarishi, ambaye hakualikwa lakini ndiye aliyejua chumba kilipo. Msaidizi wa Msajili alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na jalada letu mbele yake. Mwenyekiti alianza na historia. Alieleza umri wa jumuiya, kisha umri wa sanduku, kisha akavichanganya viwili hivyo kidogo hivi kwamba sanduku likaonekana ndilo lililoizaa jumuiya. Yule mama alimwacha amalize. Kisha akatusomea taarifa ya mkaguzi, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa.

Mkaguzi aliandika kwamba alifika mahali palipotajwa kuwa ndipo ofisi ilipo, yaani jengo la posta, ukuta wa masanduku, safu ya pili kutoka chini. Ofisi ilikuwa na mlango wa chuma wa upana wa kiganja, umefungwa. Alibisha. Hakuna aliyeitika. Aliuliza kwenye kaunta, akajibiwa kwamba habari za wapangaji wa masanduku hazitolewi kwa kila anayepita. Hakuweza kukagua mafaili, samani, vyoo wala njia ya kutokea wakati wa moto.

Mtu wa utani alikuwa yule mkaguzi, na sijawahi kuona utani ulioandikwa kwa mwandiko safi kiasi kile. Tarishi alitazama dirisha. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Ofisi yetu inajulikana na kila mtu," alisema Mwenyekiti.

"Mimi pia ni mtu," akasema yule mama, "na siijui."

Akaeleza, bila kupandisha sauti, mambo ambayo mimi msomi nilipaswa kuyasema wiki tatu kabla. Namba ya sanduku huiambia posta iweke barua wapi, si zaidi. Ni nafasi ya kupanga katika jengo la watu wengine. Msajili akitaka kukagua vitabu, mahakama ikitaka kukabidhi hati mkononi, zimamoto wakiitwa, lori likileta mzigo unaohitaji saini, hakuna hata mmoja wao anayeweza kuingia kwenye tundu la barua. Wote hao wanahitaji mlango, na mtu nyuma yake.

Shemeji yangu ni mtu asiyeshindwa, hubadili tu upande wa kukosea. Alinyooka kwenye kiti akatangaza kwamba, kama ni hivyo, sanduku litafutwa leo hii, na kuanzia sasa jumuiya itaandika mtaa na ghorofa peke yake, kila mahali, hata kwenye barua.

Yule mama alivua miwani.

"Mzee wangu, barua iliyokuleta hapa uliipokelea wapi?"

Mwenyekiti alirekebisha tai yake.

"Mji huu hauna mpeleka barua wa kupanda ngazi za watu. Ukifuta sanduku, nitakuandikia vipi? Nyinyi mmehama mara ngapi?"

"Mara tatu," alisema tarishi. "Sanduku halijahama hata mara moja. Ndiyo maana barua hazijapotea."

"Basi unaona. Nafasi ni mbili kwa sababu maswali ni mawili." Akamgeukia tarishi, si Mwenyekiti wala mimi. "Wewe, dada, ofisi iko wapi?"

Tarishi alitaja kiwanja kwa namba, mtaa, jengo la kijani lenye duka la betri chini, ngazi za nyuma, ghorofa ya pili, mlango wa kushoto, na akaonya kuhusu kidato cha saba. Yule mama aliandika yote, kasoro kidato, akanigeuzia fomu mpya niisaini. Safari hii niliisoma. Shemeji alikuwa akikung'uta vumbi lisilokuwepo kwenye mkono wa koti lake, na dharau niliyomwonea wakati ule ingekuwa tamu zaidi kama saini iliyokuwa chini ya ile fomu ya kwanza isingekuwa yangu.

Mkaguzi hakupata nafasi hadi wiki iliyofuata. Alipiga teke kidato cha saba, na mwalimu, kabla mlango haujafunguliwa, akasema, "Huyo ndiye." Alikagua vyumba vyote viwili kwa dakika ishirini, akapiga mluzi alipokiona kitabu cha hesabu kilichotobolewa kwa mkono, akaondoka. Cheti kilitoka siku tano baadaye, kwa Sanduku 38. Mwezi ulikuwa umeisha siku mbili kabla. Shirika la ng'ambo lilijibu kwa adabu kwamba mashine imepangwa katika shehena ya robo inayofuata.

Watahiniwa wanne walifanya mtihani kwa kitabu kimoja na nusu, ile nusu ikiwa ndiyo mwalimu aliyoweza kuongeza. Watatu walifaulu. Mmoja anarudia mwaka.

Mashine ilifika kwa lori, mwezi wa nne baada ya cheti kutoka. Wapakuzi walipanda nayo hadi ghorofa ya pili, wakauliza nani atasaini, na mwalimu akasaini. Kadi za Mwenyekiti sasa zina mistari miwili, na wino ni mweusi. Fomu za jumuiya hujazwa na tarishi. Mimi huzisoma mara mbili, kisha natia saini.