Ofa Husemwa Mara Moja

Enzi za foleni, muuzaji wa duka alikuwa mfalme mdogo; aliyetaka sukari alisubiri, na aliyeikosa alishukuru. Kisha biashara ikafunguliwa, maduka yakaota Makambako kama uyoga, na wafalme wakageuka wakimbizaji wa wateja. Sila, muuzaji katika duka la nguo la Mansoor, aliwadaka watu mikono tangu barabarani. Nao walimjibu kwa adabu, "Nitarudi," wakapotea moja kwa moja.

Ndipo Rehana, mke wa Mansoor, alipotunga maneno ya wauzaji, akamkaririsha Avelina, muuzaji mpya kutoka kijiji cha Kifanya, kwa uzito wa katekisimu:

"Karibu. Ofa ya Krismasi: mablanketi mawili, shuka bure, mpaka mkesha. Tazama kwa nafasi, nipo hapa."

Na sharti lake: kila anayeingia aambiwe mara moja, kwa sauti ya kusikika. Halafu rudi nyuma, kunja nguo. Usimfuate. Akikataa, mshukuru.

"Tunajaribu leo tu," Mansoor akatangaza. "Tusipouza blanketi, Sila anarudi mlangoni, na wewe Avelina unarudi kwenu."

Adhuhuri ikapita, wateja wakaingia, wakatoka mikono mitupu. Alasiri akaja mama mmoja wa shamba, Konsolata, rozari shingoni. Avelina akasema maneno yake, akarudi nyuma. Mama akapapasa blanketi, akamtazama Avelina, akangoja. Avelina akakunja suruali ileile mara ya tatu.

"Mfuate!" Mansoor akanong'ona.

"Huyo anakwenda, bosi," Sila akacheka. "Nauli ya Kifanya iandaliwe."

Konsolata akaliacha blanketi, akaelekea mlangoni. Avelina alijua anachongoja mama huyo: kwao, mgeni anayekaribishwa chakula mara moja tu hujua anaagwa. Lakini akirudia, amevunja sharti.

Utingo wa lori akaingia. Avelina akavuta pumzi.

"Karibu, kaka! Ofa ya Krismasi: mablanketi mawili, shuka bure, mpaka mkesha. Tazama kwa nafasi, nipo hapa."

Konsolata akasimama kizingitini. "Kumbe ni kweli?"

"Ni ya kila mtu, mama."

"Nilidhani unanisalimia tu, mwanangu." Akarudi, akalikumbatia lile blanketi. "Ila nataka moja."

Shuka jipya lilining'inia pale, likimshawishi Avelina aseme neno moja zaidi. Mansoor alikohoa kama mwenye kifaduro.

"Moja ni sawa, mama. Asante."

Blanketi likafungwa, likalipiwa, likaondoka begani kwa Konsolata.

"Moja!" Mansoor akalalamika. "Umeshindwa kusukuma kidogo tu?"

"Jana, kwa kusukuma, yalitoka mangapi?" Rehana akauliza.

Mansoor akatazama dari. Sila akatazama viatu vyake.

"Kesho fika mapema," Mansoor akamwambia Avelina, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Na wewe Sila, njoo ukariri."