Kadi ya Wageni

Mzee Orodha hakupewa jina hilo na mama yake. Alilipata kazini, kwenye ghala la vifaa vya umeme, alikokaa miaka thelathini na moja akihesabu nyaya na balbu. Siku anastaafu ilikosekana bisibisi moja tu, na alijua nani kaichukua. Sasa mtu wa aina hiyo ukimpa ruta yenye programu inayoonyesha kila kifaa kilichoingia kwenye waifai ya nyumba, umempa ghala jingine, na mkewe umemwongezea mzigo.

Habari ilianza miezi miwili baada ya Mzee kupasuliwa ngiri. Shemeji yake alikuja kumjulia hali, akapewa paswedi ya nyumba kama wageni wote walivyokuwa wakipewa, akabonyeza kitu asichokijua kwenye simu yake, na runinga ya sebuleni ikaanza kupiga kelele za mieleka wakati mgonjwa ndiyo kwanza kapata usingizi. Mzee aliamka na mshono wake mkononi, kwa namna ya kusema. Alipopoa akawaza vizuri. Kama simu ya shemeji inaiona runinga, basi inaiona na printa, inaziona na kamera mbili, na kile kisanduku cha kumbukumbu alichohifadhi picha za hati ya nyumba na vyeti vya watoto. Na wangapi wana paswedi ile? Fundi bomba anayo. Jirani anayo. Hata yule aliyekuja kuuza mapazia anayo!

Kwa kuwa daktari alimkataza kazi nzito, alikuwa na muda. Aliingia kwenye programu ya ruta, akaufungua mtandao wa pili, akauita WAGENI, akaupa paswedi yake peke yake, na pale palipouliza kama wageni waruhusiwe kuviona vifaa vya nyumbani, akakataa. Kisha akaiingiza simu yake kwenye WAGENI kwa kujaribu. Intaneti ikaja vizuri, lakini runinga haikuonekana, printa haikuonekana, kisanduku kama hakijawahi kununuliwa. Alifurahi mno, akairudisha simu yake kwenye mtandao wa ndani, akachapisha kadi ndogo zenye paswedi ya WAGENI na kuzikata kwa mkasi wa mkewe wa kushonea, jambo lililozua ugomvi wake wenyewe.

Kitu kimoja tu hakukifanya. Paswedi ya mtandao wa ndani aliiacha ileile ya zamani. Kuibadilisha kungemlazimu kuiingiza upya kwenye kila kifaa, na kamera ya getini iko juu ukutani, inataka ngazi, na ngazi daktari alikataza. Akajiambia itasubiri.

Basi ikaja Jumapili ya posa. Kitindamimba wake, mwalimu wa sekondari mji wa mbali, alikuwa amepata mchumba, na watu wa mchumba walikuwa wanakuja kusikia jibu. Hapa lazima nikwambie sheria ya Mzee Orodha. Binti yake mkubwa aliwahi kuleta mwanamume, akala humu ndani mwaka mzima, akaizoea nyumba, kisha akayeyuka, na binti akalia miezi minne. Tangu hapo Mzee aliapa kwamba hakuna mwanamume atakayeingia kwake kwa ajili ya binti yake kabla yeye mwenyewe hajampokea. Wiki iliyopita alimwuliza Kitindamimba uso kwa uso kama huyu kijana amewahi kukanyaga hapa. Binti akasema hajawahi, hata mlango haujui. Mzee akamwambia: nikigundua vinginevyo, jibu ni hapana, na usinililie.

Wakafika watano saa tisa alasiri. Shangazi wa kijana, mama mnene mwenye sauti ya kuendesha mkutano, mjomba mwembamba, ndiye msemaji wao, aliyekohoa kabla ya kila sentensi, kaka wawili, na kijana mwenyewe, mchora ramani za majengo, mkimya kama maji ya mtungini. Mzee aliwagawia kadi zake mmoja mmoja kama mkuu wa shule anayetoa vyeti. Kijana aliipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Simu tano zikawa juu ya meza.

Mjomba alipoanza kukohoa kuelekea hotuba, Mzee akachungulia programu yake chini ya meza. Ni tabia, hakuweza kujizuia. Kwenye WAGENI palikuwa na simu nne. Akahesabu tena. Nne. Akaenda orodha ya ndani. Vifaa vya nyumba hii ni kumi, vimeandikwa kwenye daftari lake: runinga, printa, kamera mbili, kisanduku, kompyuta mbili, simu yake, ya mkewe na ya Kitindamimba. Programu ilionyesha kumi na moja. Cha kumi na moja kiliitwa Chiriku.

Mzee alitoka jasho. Chiriku ni nani? Alidhani kazi yake imevuja, kwamba ile kadi inafungua milango yote miwili na yeye kajivunia kitu kibovu. Lakini aliijaribu mwenyewe! Akadhani kakosea hesabu, akarudia kwa vidole, mjomba akifikiri anahesabu fadhila za ukoo wao. Kumi na moja. Kikulacho ki nguoni mwako, akawaza, ila nguo yenyewe ipi?

Programu ilikuwa na kitufe cha kukisimamishia kifaa intaneti. Akamsimamisha Chiriku, akainua macho kuona nani atakunja uso. Shangazi akakunja uso, lakini huyo alikuwa amekunja tangu getini. Mjomba akaitikisa simu yake na kuirudisha mezani. Kaka mmoja akapiga miayo. Kijana hakuigusa simu yake kabisa, adabu ilimkaza. Mzee akawa kama mtu aliyezima taa ili aone vizuri.

Ndipo alipokigusa kile kijina, na maelezo yakafunguka: kifaa hiki kilionekana kwa mara ya kwanza tarehe fulani. Aliijua tarehe hiyo. Ilikuwa siku ya pili tangu alazwe hospitali. Akiwa kitandani na mirija, mtu alikuwa ndani ya nyumba yake, akapewa paswedi na mtu wa humu ndani, kisha leo kaingia mlangoni na simu yake ikajiunganisha yenyewe, maana simu haisahau njia iliyowahi kufundishwa. Kadi hakuihitaji hata kidogo. Na kati ya hawa watano, nani mwingine angekuwa na sababu ya kuingia hapa? Kijana, basi! Na binti amemdanganya baba yake machoni.

Aliomba radhi kwamba anakwenda kuangalia chai. Alichokuwa anakipoteza si hesabu ya vifaa, ni Kitindamimba, mtoto ambaye tangu utoto alikuwa akija kujishtaki mwenyewe kabla hajashtakiwa. Jikoni aliwakuta mkewe na binti wakipanga vikombe. Akaiweka simu mezani, akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Chiriku ni nani?"

Binti akacheka kidogo. Akasema ndivyo dada za mchumba wake wanavyomwita kaka yao, kwa dhihaka, kwa kuwa chiriku hupayuka na yeye hasemi. Kisha akauona uso wa baba, kicheko kikamfia mdomoni. Mzee akamwonyesha tarehe. Binti akaisoma, akaisoma tena, akatikisa kichwa, akasema baba, haiwezekani, mimi nilikuwa shuleni nasahihisha mitihani, yeye alinitafutia teksi tu ya kumpeleka mama hospitali. Machozi yakaanza kumlenga, naye hakujua analilia nini. Mzee alimtazama na asijue amwamini nani, macho ya mwanawe au ruta aliyoipanga kwa mikono yake.

"Muache mtoto," mkewe akasema. "Ni mimi niliyempa."

Akaeleza huku akiendelea kupanga vikombe, kwa kuwa huyo mama hasimamishi kazi kwa ajili ya maneno. Teksi haikuwepo. Kijana alipoombwa kuitafuta alikuja mwenyewe na gari lake bovu, akajitambulisha kama dereva, na siku ya pili, simu yake ilipowaka, mama akaiona picha ya binti yake humo. Hakumtimua. Kila asubuhi, wiki tatu, yeye akipika uji wa mgonjwa, kijana alisubiri sebuleni na kazi zake za ofisini, na mama alimpa paswedi ili asikae bure. Alimwapisha asimwambie hata Kitindamimba, maana huyu hajui kusema uongo na wewe ungemwuliza.

"Na sheria yangu?" Mzee akauliza.

"Sheria yako ilikuwa imelazwa wadi namba sita."

Mzee alikumbuka uji. Chupa ile ya chai iliyofika kila siku saa moja na nusu, mvua au jua, mpaka akawasifia wauguzi dereva teksi ambaye hajawahi kumwona, kwamba huyo ndiye mtu wa kuajiri ghalani. Alimgusa binti yake begani, akajaribu kuomba radhi, ikatoka kama kikohozi cha mjomba.

Akarudi sebuleni. Binti akamfuata na sinia. Mjomba alikuwa amefika mwisho wa hotuba na sasa wote wanamtazama Mzee, wanangoja jibu. Yeye akamwelekea kijana.

"Nirudishie ile kadi."

Kijana akaitoa kadi mfukoni mwa shati, akainyoosha kwa mikono miwili, uso umemshuka. Kaka zake wakatazamana. Shangazi akauvuta mkoba wake mapajani, tayari kuondoka na hasira zake, na Kitindamimba akaliweka sinia chini kabla halijamponyoka.

Mzee akaikunja kadi ile mara mbili, akaitia mfukoni mwake.

"Hii ni ya wageni," akasema. "Ule uji ulikuwa unafika wa moto."

Shangazi akawauliza jirani zake uji gani tena. Kijana alifungua mdomo, akamtazama mama wa nyumba aliyesimama mlangoni, akaufunga, halafu akasema, "Nilikuwa nauweka chini ya koti, baba."

Mzee akaitika kwa kichwa. Akamwambia Jumamosi aje mapema na nguo za kazi, paswedi ya ndani inabadilishwa, fundi bomba na muuza mapazia watoke, na kamera ya getini inataka mtu wa kupanda ngazi. Mjomba akauliza, kwa heshima zote, kama hilo ndilo jibu. Mkewe Mzee akamwambia ndilo, kwa mtu huyu hupati jingine.

Chai ikamiminwa. Mzee akaichukua simu yake, akamfungulia Chiriku intaneti, kisha akalivuta daftari lake, akavaa miwani, na chini ya namba kumi akaandika kumi na moja.