Sanda Iko Njiani

Mipango si matumizi, lakini ungemwambiaje hayo Filsan wiki ile? Mpango wake wa kuwajulisha wateja mizigo yao ilipofika ulikuwa umebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kampuni yake ya kusafirisha mizigo, kando ya soko la Gikomba, na kila aliyeingia alilazimishwa kuusoma. Wiki ya kwanza, wateja wenye programu ya kampuni wangepata arifa kwenye skrini ya simu. Wiki ya pili hatua nyingine ingeongezwa: arifa isipofunguliwa, taarifa ingekwenda kwa WhatsApp kwa wale waliokubali. Wiki ya tatu, WhatsApp nayo isipofika, mtambo ungetuma SMS, maana SMS haihitaji bando. Walianza na wateja wa zamani wa mtaa wa Majengo tu, wale ambao hata ukikosea watakugombeza na kesho wataagiza tena.

Kila ujumbe ulitaja mzigo. Hilo aliliamua Filsan mwenyewe, kwa sababu watu walikuwa wakiuliza, "Mzigo gani?" Alijisifu nalo, na kusema kweli halikuwa wazo baya.

Asubuhi ya kwanza ya SMS, simu ya ofisi iliita. Alikuwa Abdijabar, mwana mkubwa wa mama Khadro, mteja wao wa kwanza kabisa. Sauti ilikuwa imemkauka. Ndugu yake mdogo, Mohamednur, alikuwa amefariki hospitalini alfajiri.

"Inna lillahi," Filsan alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo. Kijana huyo ndiye aliyempigia rangi kibao cha ofisi.

"Dada, nitumie sanda na kafuri kutoka duka la Magan, ziletwe msikitini. Na tafadhali, mama hajui. Ana presha. Mjomba yuko njiani kutoka Garissa. Akifika ndipo tutaingia kwake pamoja na imamu."

Filsan hakuhitaji kuelezwa zaidi. Habari ya kifo kwao haipigwi simu. Wazee huenda, hukaa chini, husoma dua, ndipo neno lenyewe hutamkwa huku mikono ya watu ikiwa karibu. Aliwaonya wote wafunge midomo. Mbaluka, dereva wa pikipiki, alivua kofia akasema, "Hiyo nimeshika, boss. Mimi nitapeleka tu, sitaongea na mtu."

Kamene, karani wa ofisi, aliandika agizo kwenye kompyuta. Aliliweka chini ya jina la mama Khadro, kama maagizo yote ya nyumba ile yalivyowekwa tangu zamani. Watu walinyamazishwa wote. Mtambo nani aliukumbuka?

Mbaluka alipoichukua sanda dukani alibonyeza "Nimechukua" kwenye simu yake, kama alivyofundishwa. Filsan alikuwa akipiga simu za rambirambi aliposikia Kamene akivuta pumzi kwa nguvu.

"Filsan, hebu kuja uone."

Kwenye skrini mambo yalikuwa yamepangika vizuri mno. Arifa ilikuwa imetumwa kwa simu yenye programu, nayo ilikuwa simu ya Mohamednur, aliyekuwa akimwagizia mama yake unga. Haikufunguliwa, na ingefunguliwa na nani? WhatsApp ya mama haikufika, kwa kuwa data huizima. SMS ilikuwa imefika: *Agizo lako la sanda na kafuri liko njiani kuelekea msikitini.*

"Zima!" Filsan alipiga kelele. "Zima nyumba hiyo yote, ile ya 'limefika' isitoke!"

Kamene alizima. Lakini SMS ikishatoka haina kamba ya kuivuta. Filsan alivaa viatu vya Kamene bila kujua, akakimbia kuelekea Majengo kati ya mikokoteni na marobota ya mitumba, akiomba jambo moja tu, kwamba mama awe jikoni na simu iwe mbali naye.

Mungu alimsikia. Mama Khadro alikuwa uani akichambua mchele, na simu ilikuwa ndani juu ya kabati, taa yake ikimweka. Hakuwa ameigusa. Filsan alisimama mlangoni akihema, shela imemwanguka mabegani, macho yamemvimba kwa kulia. Alijua angepaswa kufurahi. Alitafuta neno, salamu, uongo wowote mdogo wa kumfikisha hadi kabatini.

Mama aliliweka sinia chini polepole. Alimtazama uso, kisha akamtazama miguu.

"Filsan," alisema. "Nani amekutuma ukimbie hivyo?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa napita."

"Mtoto wangu yuko hospitali, wewe unalia mlangoni kwangu, na unasema unapita?" Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Mohamednur amekufa."

Mjomba alikuwa bado barabarani. Abdijabar alikuwa msikitini akiingoja sanda. Hapakuwa na mzee wala imamu, na dua zote Filsan alizozijua zilimtoroka. Alipiga magoti kando ya sinia la mchele, akaishika mikono ya mama, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuishika.