Meza za Mkutano

Numbi, mtunza ukumbi mjini Lubumbashi, alikuwa amepanga viti mia mbili kwa safu, bila meza, ili wanakijiji wote ambao mgodi ungewahamisha wapate kukaa. Mama Delphine wa kampuni ya mgodi akavitazama.

“Tia meza, sawa mu klase.”

“Mama, na meza bataenea mia moja tu.”

“Ninajua. Bale batabakia inje, tutaandika asema habakukuya.”

Numbi alielewa kwamba nusu ya watu wangebaki nje na kuandikwa kuwa hawakuja, lakini aliogopa kupoteza kazi yake, akaburura meza. Saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa, akafunga mlango kama alivyoamriwa. Nje, kati ya wanakijiji waliokosa nafasi, mama yake mzazi aligonga kioo cha dirisha akimwita kwa jina. Ndani walikuwa wakihesabu mikono ya waliokubali kuhama. Numbi akashusha pazia.