Miaka Miwili Bila Kukamuliwa

Kengele ya ng'ombe ililia nyuma ya nyumba, kwato zikafuata, kisha mluzi ambao Meshaki aliujua tangu utotoni. Alitoka nje na kikombe cha chai mkononi. Baba yake, mzee Parit, alikuwa amesimama katikati ya nyumba za wafanyakazi wa mkonge, Ngombezi, na mitamba wanane mbele yake. Alikuwa amewaswaga kwa siku nne kutoka Kang'ata.

Meshaki akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini. Salome, mke wa Meshaki, akamwamkia mzee shikamoo, akatoa kigoda.

Kila mtu pale alijua mitamba wale ni wa nini. Jumatatu wangeuzwa mnadani, shilingi laki moja na nusu kila mmoja, na milioni moja na laki mbili ingekuwa karo ya mwaka wa kwanza. Meshaki, karani wa hesabu katika ofisi ya shamba, alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili chuo kikuu. Mwakani mzee angeleta wengine wanane. Barua ya kuacha kazi alikuwa ameipeleka jana, Ijumaa, kwa Raymond wa utumishi.

Mzee alikunywa chai, akauliza ng'ombe wake watarudi lini.

Meshaki alikuwa akilisubiri swali hilo. Akaleta daftari, akaeleza kwa sauti ya mtu anayefundisha darasa. Karo ya miaka miwili, milioni mbili na laki nne. Mshahara wake sasa, ukishakatwa kodi, laki moja na nusu kwa mwezi. Mwenye uzamili analipwa laki moja na elfu tisini. Nyongeza ya elfu arobaini kwa mwezi, laki nne na themanini kwa mwaka. Chakula hakukiweka, maana hata akibaki Ngombezi atakula.

"Miaka mitano baada ya kumaliza, baba. Karo yote imerudi."

Mzee akawageukia mitamba wake.

"Na hiyo miaka miwili ukiwa darasani," akasema, "nani anakukamua?"

Salome akacheka. Meshaki naye akaanza kucheka, akaishia katikati.

"Mimi nikimpa mtu ng'ombe wa maziwa," mzee akaendelea, "nahesabu ng'ombe, halafu nahesabu na maziwa ambayo watoto wangu hawatakunywa. Wewe hapa unakamuliwa kila mwisho wa mwezi. Kule je?"

Salome alikuwa ameacha kucheka. Akalichukua daftari, akazidisha laki moja na nusu kwa ishirini na nne. Milioni tatu na laki sita. Akarudia, jibu lilikuwa lilelile. Lilikuwa kubwa kuliko karo yenyewe.

"Mume wangu, hii hukuiandika mahali popote."

Meshaki akainama juu ya daftari. Miaka tisa alikuwa akitafuta makosa ya wenzake kwenye vitabu vya shamba. Lakini enzi shamba lilipokuwa la shirika la umma, bosi wake Bernardo alipelekwa kusoma miaka miwili na mshahara wake ukaja kila mwezi. Mke wa Bernardo ndiye aliyekuwa akiupokea kwenye dirisha la malipo. Meshaki ndiye aliyeandaa orodha za malipo. Hakuwahi kumwona mtu akienda chuo na mshahara ukakoma. Mwenye shamba mpya alisema tangu mwanzo kwamba hatamlipia mtu karo, na Meshaki aliishika hiyo karo tu, mshahara hakuufikiria.

Karo na mshahara pamoja, milioni sita, kugawa kwa laki nne na themanini. Salome alikokotoa polepole.

"Miaka kumi na miwili na nusu. Utakuwa na arobaini na minane. Na mikataba ya kazi siku hizi ni miaka mitatu mitatu."

"Kwa miaka hiyo," mzee akasema, "hawa wanane wangekuwa boma zima."

Meshaki aliondoka bila kuvaa shati la kazi, akaenda nyumbani kwa Raymond, nyumba ya saba. Raymond alikuwa akinyoa ndevu. Akamsikiliza hadi mwisho, povu likimkauka shavuni. Barua, akasema, ilikwenda Tanga jana ileile na gari la meneja. Jumatatu meneja anarudi nayo, imesainiwa au haijasainiwa, yeye hajui.

"Wewe wa hesabu, Meshaki?" akauliza, wala hakuwa akimdhihaki.

Alirudi akitembea katikati ya njia, wanawake wa kisimani wakimpisha. Mzee alikuwa bado kwenye kigoda. Salome alikuwa kando yake na daftari. Meshaki alisimama mbele ya baba yake.

"Baba, mitamba hawa hawauzwi. Jumatatu nitakuwa mlangoni kwa meneja kabla hajafika, niiombe barua yangu. Akininyima, nitakata mkonge mpaka nipate ofisi nyingine. Kusoma nitasoma, lakini chuo kitakachonichukua jioni, mchana niko kazini. Nakuahidi mbele ya Salome: sitakaa darasani siku hata moja ambayo mshahara wangu umekatika."