Taniboi wa Nani?

Mume wangu Simeoni aliporudi kutoka vita vya Burma mwaka 1946, nilidhani taabu yetu imekwisha. Miaka yote ile alikuwa ameendesha malori ya jeshi, milimani na kwenye matope. Yustina wetu, aliyemwacha akinyonya, alimwamkia kama mgeni kisha akajificha nyuma yangu. Simeoni hakumlazimisha. Aliweka kipande cha sukari guru juu ya kinu, akaondoka, ili mtoto akichukue bila woga.

"Mama Yustina," aliniambia, "nina ufundi sasa. Kabla ya mavuno nitakuwa na kazi ya udereva."

Alianzia bomani, Singida mjini. Karani Laurian alimpa kiti, na hakuwa na lazima ya kumpa, akasoma cheti chake cha jeshi mpaka mwisho.

"Cheti kizuri, kaka. Lakini madereva wa vita mmejaa nchi nzima, na gari la boma lina mtu wake. Jaribu kwa wenye malori."

Polisi walimpima barabarani, wakampa leseni ya kiraia. Akaenda kwa wafanyabiashara wenye malori, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetaka kuona cheti. Wote walimwuliza, "Ulikuwa taniboi wa nani?"

Kwetu dereva hutoka mkononi mwa dereva. Unaanza kama taniboi, msaidizi wake: unapanda juu ya mizigo, unaweka gogo nyuma ya gurudumu, unaosha gari, unavumilia matusi, mpaka siku dereva wako akuambie ushike usukani. Akikusemea yeye, tajiri anakuamini. Simeoni alijibu kwamba amefundishwa na jeshi. Mmoja alicheka akamwambia, "Basi jeshi lije likusemee."

Alirudi nyumbani kwetu Ilongero kwa miguu, viatu vyake begani.

Aliyemwonea huruma ni Paskali, mwenzake wa kuchunga ng'ombe utotoni, sasa dereva wa Bwana Hirji, tajiri wa malori ambaye Simeoni alikuwa hajamfikia. Alikuja nyumbani akala ugali wetu wa uwele.

"Nitasema ulikuwa taniboi wangu kabla ya vita," alisema.

"Hata siku moja sijapanda gari lako."

"Wewe nyamaza tu. Kunyamaza nako jeshi halikukufundisha?"

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia Simeoni akicheka tangu arudi.

Bwana Hirji akakubali kumjaribu, safari moja ya kuchukua mizigo sokoni Mtinko. Walipopita Ilongero asubuhi, Simeoni alikuwa kwenye usukani, Paskali pembeni yake. Alipiga honi. Yustina alipiga kelele, "Baba!" Siku nzima sikuweza kukaa chini.

Yaliyotokea Mtinko niliyapata kwa Paskali. Mvua ilikuwa imenyesha na mbuga ya udongo mweusi iliyo njiani ilikuwa laini. Magunia ya karanga yalipandishwa, na ngozi juu yake, na madebe ya samli, na akina mama na kuku wao juu ya vyote. Simeoni akainama akatazama springi chini ya lori, akakuta jani moja, bamba lake la chuma, limevunjika.

"Shusheni," alisema. "Gari hili halibebi hivi."

"Simeoni," Paskali alimnong'oneza, "hapa tunabeba hivi hivi."

"Burma nilimzika mwenzangu kwa mzigo kama huu."

Nusu ya magunia yalibaki sokoni, na akina mama wakamzomea: "Bwana Jeshi! Mwogopa mbuga!"

Bwana Hirji aliwasubiri dukani kwake mjini. Hakumgombeza Simeoni. Alimgeukia Paskali.

"Huyu ndiye mtu wako? Ndivyo ulivyomfundisha, kuacha mali ya watu? Basi na wewe nikutazame upya."

Paskali alikuwa na wazazi na watoto wanaomtegemea. Simeoni akavua kofia.

"Bwana, mimi sikuwahi kuwa mtu wake. Amesema hivyo kwa kunihurumia tu. Kosa ni langu."

Kesho yake Paskali aliyafuata magunia yaliyobaki, akayapakia pamoja na mengine mengi, akavuka mbuga salama. Hilo ndilo lililomuuma mume wangu kuliko yote. Lori lingeanguka, angalau wangesema alijua.

Bwana Hirji alimwita tena. "Udereva sina. Ukitaka, anza utaniboi, chini ya Paskali. Baadaye tutaona."

Simeoni alinieleza akiwa ameinamia moto. Sikumwambia akubali, wala akatae. Nilimpa maji ya kunawa.

Alikubali. Paskali, Mungu ambariki, wakishaacha mji alikuwa akisimamisha gari na kumwita aje aketi mbele, na mara nyingine humpa usukani. Simeoni aliendesha vizuri, kila mtu aliyekuwa ndani alisema hivyo. Ila kila walipokaribia nyumba zetu za Ilongero alisimamisha mwenyewe, kabla hajaombwa, akampisha mwenzake, akapanda juu ya magunia akakaa ameipa nyumba yetu mgongo. Yustina, tangu siku ile ya honi, alizoea kutazama kwenye usukani. Hakumwona.